Kabati la Msellem na Hasira za Fundi Ngwali

Fundi Ngwali wa Tibirinzi, Chake Chake, alikuwa mtu wa hasira tangu ujana wake. Hakuwa mgomvi wa kupigana, ila alipokasirika hasira ilikaa naye kama mgeni asiyejua kuaga. Kazi yake ilikuwa useremala. Alitengeneza vitanda, milango, masanduku ya maharusi na majeneza. Mtu akimwambia kwamba mlango wake unakwaruza chini, alikwenda kuurekebisha huku akiitukana mvua iliyouvimbisha.

Mwaka wa sitini alimwoza binti yake wa pekee, Mwanamize, kwa kijana aitwaye Msellem, karani katika bohari ya karafuu. Ngwali aliiridhia ndoa ile. Kilichomkasirisha kilikuja wiki chache baada ya harusi, kikiwa juu ya lori lililotoka bandarini Wesha: sanduku refu, bapa, limefungwa kwa mikanda ya bati.

"Kitu gani hicho?" aliuliza Ngwali aliposimama nje ya nyumba ya mkwewe.

"Kabati la nguo, baba," alisema Msellem kwa furaha. "Nimeliagiza Ulaya, kwa mkono wa Bwana Devji mwenye duka. Linakuja vipande vipande, mtu anajiungia mwenyewe nyumbani."

Ngwali aligeuka akaenda zake. Alipofika kwake alimwambia mkewe, Bi Kazija, "Binti wa seremala analetewa kabati kwenye boksi! Watu watasema nini? Watasema kazi yangu haifai kuwekwa hata ndani ya chumba cha mwanangu."

"Kamuulize mwenyewe kwa nini," alisema Bi Kazija.

"Simuulizi. Aliunge mwenyewe, si ndivyo alivyosema?"

Uani kwake, chini ya makuti, palikuwa na mbao za mvule alizozilaza zikauke tangu Mwanamize alipoposwa. Zilikuwa za kabati. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, maana alitaka waone tu siku litakapokuwa tayari. Jioni ile alizitazama akazidi kuungua.

Msellem alianza kazi Ijumaa baada ya sala, yeye na rafiki yake Jaribu. Ndani ya boksi walikuta mbao zilizopakwa rangi ya kung'aa, plaiwudi nyembamba, mfuko wa bolti na pegi za mbao, spana ndogo, na karatasi moja kubwa. Maandishi ya karatasi ile yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu Chake Chake aliyeijua. Kilichobaki ni mchoro. Mchoro wenyewe ulikuwa wa ajabu: kabati lilionekana kama limepasuka, kila kipande kinaelea mbali na mwenzake, katikati yao mistari ya nukta nukta, na kila kipande kina namba yake.

"Rahisi," alisema Msellem. "Tunafuata namba."

Namba moja ilikuwa kipaa, ule ubao wa juu. Mbili na tatu zilikuwa mbavu za kushoto na kulia. Nne, kitako. Wakavifunga hivyo vinne kwa bolti, wakakaza kwa nguvu zao zote, wakapata fremu iliyosimama vizuri. Hapo wakakwama. Namba tano ilikuwa rafu yenye pegi kila mwisho, na mbavu zilikwisha kubana, rafu haikuingia. Namba sita, fimbo ya kutundikia nguo, ilitakiwa iingie kwenye vishimo huku na huku, nayo haikuingia. Namba saba ilikuwa ubao wa mgongo, plaiwudi pana iliyotakiwa kukaa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa pande zote. Waliikunja ili waipenyeze. Ikalia kama kijiti kinachovunjwa, kona moja ikapasuka.

Mwanamize, aliyekuwa akitazama mlangoni, alikwenda kwa baba yake bila kumuaga mumewe.

"Njoo, baba."

"Siji."

"Watalivunja, na nguo zangu ziko sakafuni tangu siku ya harusi. Njoo."

Ngwali akaja. Aliingia na sanduku lake la zana bila hata salamu, akaitazama fremu, akaitazama plaiwudi iliyopasuka, akacheka kicheko kibaya. Karatasi aliyopewa na Msellem aliitupa kitandani.

"Mimi naunga makabati miaka yote hii, hakuna karatasi iliyonifundisha. Mgongo wa kabati hupigwa mwisho, kwa nje, kwa misumari. Shika hapa."

"Lakini baba, kuna mfereji..."

"Nimekwambia shika!"

Ngwali akaibandika plaiwudi kwa nje, akapiga msumari wa kwanza. Ukaingia. Akapiga wa pili. Ubavu wa kabati, ambao haukuwa mbao ngumu bali vipande vyembamba vilivyogandishwa pamoja, ukachanika kutoka kwenye msumari hadi chini, urefu wa mkono.

Jaribu alichukua kofia yake akatoka.

"Mbao gani hizi!" Ngwali alipiga kelele. "Huu ni ubao au mkate? Ndicho ulichoona kinamfaa mwanangu?"

"Wewe ndiye uliyepiga msumari!" Msellem naye akapandisha. "Nilikuwa nimesimamisha kabati zima!"

"Zima? Kabati gani zima, lisiloingia hata rafu?"

"Afadhali langu lilisimama! Tangu boksi lifike hujanipa neno jema. Nimekukosea nini?"

"Ulipotaka kabati, hukujua kwamba babamkwe wako ni seremala?"

Msellem akatweta. "Nilijua. Nilijua ungelitoa bure, ukakataa hata shukrani. Na watu wangesema Msellem ameoa akapewa na kabati. Nilitaka kitu kimoja ndani ya nyumba hii kiwe changu miye."

"Mbao zimelala uani kwangu tangu mlipoposana," alisema Ngwali kwa ghadhabu. "Za mvule. Nilizilaza kwa ajili ya kabati lake."

Mwanamize akaingia kati, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko zao zote mbili.

"Na mimi je? Kuna mmoja wenu aliyeniuliza nataka kabati gani? Mmoja ananificha mbao, mmoja ananificha boksi. Sasa kabati ni hili. Fungueni bolti zote. Mkilipasua tena, narudi kwa mama na nguo zangu kichwani, na nyinyi mbaki humu mgombane na mapande yenu."

Akaiokota karatasi kitandani, akaitandika sakafuni katikati yao, akasimama kando na mikono kiunoni.

Walifungua bolti moja moja. Ngwali aling'oa misumari yake miwili kwa koleo, taratibu, akilaani chini chini. Kisha akachuchumaa mbele ya mchoro. Alikuwa bado na hasira, lakini sasa alikuwa anautazama kweli.

"Namba hizi si za zamu," alisema hatimaye, kwa uchungu, kama mtu anayekiri kwa polisi. "Ni majina tu. Bolti zote hizi zimepewa namba ile ile, kumi. Zingekuwa za zamu, zingefungwa zote kwa mpigo mmoja?"

"Sasa zamu iko wapi?" aliuliza Msellem, naye bado kanuna.

Ngwali akaweka kidole kwenye nukta. "Hii ndiyo njia ya kila kipande. Kinatoka hapa, kinakwenda pale, kwa mstari ulionyooka. Tazama mgongo. Nukta zake haziendi nyuma. Zinashuka kutoka juu, ndani ya mfereji, mpaka kitakoni. Maana yake, mgongo unapoteremka, kipaa cha juu hakijafungwa."

Msellem akainama. "Na rafu nukta zake zinakwenda pande zote mbili."

"Basi ingie kabla ubavu wa pili haujafungwa. Na fimbo vivyo hivyo."

"Tuseme tunalibomoa," alisema Msellem polepole. "Cha kwanza kutoka ni milango. Kisha kipaa, kisha mgongo, kisha ubavu mmoja..."

"Uigeuze hiyo zamu. Ndiyo kazi yenyewe."

Kwa mara ya kwanza siku ile walitazamana. Hawakutabasamu.

Wakalaza ubavu wa kushoto sakafuni, matundu yakitazama juu. Wakasimamisha kitako juu yake, wakatia pegi za rafu, kisha fimbo. Rafu ilikuwa nyembamba kuliko ubavu, na Msellem akaanza kuipachika ukingo wake ukiwa sawa na upande wa nyuma. Ngwali akamkamata mkono, akamwonyesha mchoroni: nafasi iliachwa nyuma ili mgongo upite. Wakaigeuza. Ndipo wakafunika kwa ubavu wa kulia, ule uliochanika, wakatia bolti bila kuzikaza.

Mgongo sasa. Kuuteremsha kutoka juu, kama mchoro ulivyoonyesha, dari isingeruhusu.

"Lilazeni kifudifudi," alisema Mwanamize. "Upande wa juu uelekee mlangoni. Muusukume kutoka ukumbini."

Ngwali akachungulia ukumbini, akapima urefu wake kwa macho. Wakafanya hivyo. Plaiwudi iliingia ndani ya mfereji ikateleza mpaka kitakoni, na kona iliyopasuka ikamezwa na mfereji. Wakafunga kipaa. Ngwali akachukua uzi, akapima kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine mbili. Uzi ukapungua upande mmoja. Akaligonga kabati kwa kiganja mpaka vipimo viwili vikawa sawa, ndipo akamwambia Msellem akaze bolti. Milango ilitundikwa mwisho, ikafungika bila kugusana.

Kabati likasimama. Lilikuwa kabati jepesi, la kung'aa, na ule mchaniko ubavuni. Mwanamize akalisukuma mpaka ubavu huo ukaelekea ukutani, akaanza kupanga kanga zake pale pale.

Msellem alisema, "Ahsante, baba."

"Usinishukuru. Nimekuharibia ubavu," alisema Ngwali. Akakusanya zana zake. Mlangoni akasimama, akasema bila kugeuka, "Ungeniambia yale maneno, kwamba unataka kitu chako mwenyewe, ningekuelewa. Mimi nilimkatalia baba yangu kitanda kwa sababu hiyo hiyo."

"Na wewe ungeniambia mbao zipo."

"Ningekwambia," alikubali Ngwali, na akaondoka akiwa bado na hasira, ila sasa hakujua amkasirikie nani.

Hasira ile ilimkaa mpaka mfungo wa Ramadhani. Hakulipenda kabati lile kamwe. Alipokuja kufuturu alikaa akilipa mgongo. Maboksi mengine yakaanza kuteremshwa Wesha, ya maofisa na ya wenye maduka, na wote waliokwama walielekezwa kwa Fundi Ngwali. Alikwenda, akiwafokea tangu kizingitini kwa kukaza bolti mapema. Kila alipopata boksi gumu alimpitia Msellem, wakachuchumaa pamoja juu ya mchoro, wakibishana kwa sauti mpaka majirani wakafungua madirisha.