Maharusi wa Bi Mwanaidi Waliohamia Mbagala

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na wa kwanza kubisha ni mwenye kisa mwenyewe, yule pale mkekani na ungo wake wa mchele: Bi Mwanaidi wa Mtunda, mchora piko wa maharusi. Toka Utete mpaka Kibiti, bibi harusi ambaye mikono yake haikupita kwa Bi Mwanaidi, huyo kaolewa nusu.

Kila akimaliza kuchora hupiga picha: mikono, miguu, na bibi harusi mzima, kichwa wazi, nywele mgongoni. Huwaapia mama zao kwamba picha hazitoki katika simu ile, na simu yenyewe hukaa kifundoni mwa kanga yake. Kwa kiapo hicho hata Malekbanu, mwenye duka la vitambaa Kibiti, mwanamke asiyemwamini mtu hata kumshikia ncha ya futi kamba, alikubali binti yake Nazia apigwe picha.

Simu aliletewa na mjukuu wake Mudrick, fundi simu wa Mbagala ambaye akija kijijini huvaa tai. Ilipojaa, Mudrick aliishika siku moja, akabonyeza huku na kule, nafasi ikapatikana. Ila tangu hapo, bando likiisha, picha za zamani zinakuwa ukungu mtupu. Bibi akadai maelezo, tena kwa maandishi, kwa sababu maneno ya simuni mtu huyakana mchana kweupe. Barua ikaja na kondakta wa basi.

“Shikamoo bibi. Picha zako hazijapotea. Hilo wanaloliita wingu si la mvua, usihangaike kutazama juu. Ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko mbali, hazizimwi. Ukipiga picha, simu inapeleka nakala kule kwa intaneti. Nakala zilipofika, nilizifuta za zamani simuni upate nafasi. Simu imebaki na vivuli vidogo tu. Ukitaka picha kamili inaivuta kutoka kule, ndiyo maana bila bando inagoma. Hata simu ikizama Rufiji, unaweka akaunti na namba ya siri kwenye simu nyingine, picha zinarudi. Na akaunti usihangaike kufungua, nimetumia yangu. Nimeziona huku Mbagala, zimefika zote, safi kabisa.”

Mwingine angemshukuru Mungu. Bi Mwanaidi alivua miwani, akaifuta, akausoma tena ule mstari wa mwisho. Nazia, kichwa wazi, yuko Mbagala mikononi mwa kijana anayekula chipsi. Kiapo cha miaka kimevunjwa na mtu aliyedhani anafanya hisani.

Angeweza kunyamaza. Akaenda mwenyewe kumwambia Malekbanu, kisha akampigia mjukuu simu, kwa utani wao wa kila siku: “Mume wangu, njoo.”

Mudrick akaja na tai, anatarajia kusifiwa. Alipewa kigoda nje ya pazia, uso ukutani. Ndani walikaa Bi Mwanaidi, Hafsa mtoto wa dada yake, anayeuza katika duka la dawa na kuijua simu, na Malekbanu, aliyesema neno moja tu, kwamba ataondoka picha zikiondoka. Fundi akawa anafundisha ukuta.

“Msifute kwanza,” akasema, jasho linamtoka. “Mkifuta sasa, zinafutika huku na kule. Zishusheni zote, zihamishieni kwenye memori kadi niliyoleta, halafu kadi itoeni kabisa. Zimeni kule kutuma nakala. Ndipo mfute kwenye akaunti, na kwenye kapu la taka pia, maana picha hukaa humo wiki nyingi kabla ya kupotea.”

Hafsa akafuata, mpaka kadi ikawa mkononi mwa bibi. Akaanza kufuta, akapandisha kidole kwenye skrini, akawageuzia wenzake waone. Bwana fundi alisahau kwamba akaunti ni moja, na kama yeye alivyoziona za bibi, simu ya bibi nayo inaonyesha za kwake. Siku ya Idi, alipotuma salamu kwamba hawezi kuja, yuko kitandani na malaria, kumbe yuko ufukweni, samaki mzima mezani, na kando yake msichana wa miwani ya jua.

Wa kwanza kucheka alikuwa Malekbanu.

“Mume wangu,” akasema Bi Mwanaidi, “malaria yako ina miwani mizuri.”

Mudrick akaomba wasiendelee, hizo ni zake binafsi.

“Na za Nazia zilikuwa za nani?”

Hafsa akamaliza kufuta, kapu la taka likamwagwa, akaunti ya fundi ikatolewa simuni. Bibi akafunguliwa ya kwake, namba ya siri akaitunga mwenyewe na hakumtajia mtu. Malekbanu akakagua skrini, akamsukumia Bi Mwanaidi mikono yake mitupu: nayo ichorwe, na picha apige.

Mudrick hakungoja hata chai. Alitimua mbio njia ya Kibiti, viatu mkononi, akaiacha nyuma bodaboda, akaliacha basi, na tai nyuma yake inapepea kama...

“Kama nini?” Bi Mwanaidi akanikatiza pale mkekani, hakuinua macho kwenye ungo. “Alikunywa vikombe viwili, na maandazi yangu akafunga ya njiani.”