Simu Aliyoiacha Manana

Orysia alifika Roccamorena, kijiji cha milimani Italia, mwanzoni mwa Aprili, na mfuko mmoja, viatu vya mvua, na miguu iliyovimba kwa siku mbili za kukaa ndani ya basi dogo. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kwao Kolomyia, nchi ya Ukraine, alishona makoti kiwandani miaka ishirini, kiwanda kikafungwa, mume akafa. Alikuja kushika nafasi ya Manana, Mgeorgia aliyemtunza Bibi Concezia miaka minne na sasa anarudi kwao miezi mitatu kumwoza binti yake. Ndivyo wanavyofanya wanawake hawa wanaotunza wazee wetu. Mmoja akitaka kwenda kwao, hutafuta mwenzake wa kumshikia kazi isije ikachukuliwa, kisha humkabidhi nyumba nzima: funguo, kuku, dawa, na simu.

Simu ilikuwa mali ya nyumba. Loredana, binti wa Bibi Concezia anayeishi Bologna, ndiye aliyeinunua. Lakini Manana aliigeuza yote ikawa ya Kigeorgia, na Kigeorgia kina herufi zake chenyewe, ndoano na pete na vitanzi, hazifanani na zetu wala na za Orysia. Orysia naye alikuwa na kisimu cha vitufe tu. Kwa hiyo alipotaka kujua karatasi ya daktari inasema nini, ilimbidi aitumie hiyo ya Manana, na programu ya kutafsiri iliyomo ndani yake, isiyo na hata neno moja la menyu analoweza kulisoma.

Haya nayajua kwa sababu mimi ni mnoa visu. Nazunguka vijiji hivi na kigari changu cha injini cha magurudumu matatu, na kila baada ya wiki mbili tatu hupita kwa Bibi Concezia. Nyumba yake iko juu kabisa, nyuma ya mwamba. Simu ya ukutani ipo, ila mtandao hakuna hata kidogo. Ukiutaka, shuka uwanjani, kwenye baa ya Ersilia.

Kabla ya kuondoka, Manana alimkalisha Orysia hapo kwa Ersilia, akamwonyesha haraka haraka maana basi lilikuwa linapiga honi. Upande wa kushoto Kitaliano, upande wa kulia amemwekea Kiukraine. Alama ya kamera hii. Wakajaribu kwenye chupa ya maji, maneno ya chupa yakageuka Kiukraine palepale. Wakabusiana, Manana akaenda.

Orysia alipofika juu, kamera haikusema kitu. Ikaleta mstari mmoja wa zile ndoano na pete, basi.

Aliteremka mara nne siku ile. Kwa Ersilia inafanya kazi, nyumbani imekufa. Ersilia akamwambia, "Mama, usinimalizie ngazi za kijiji. Lazima lugha uipakue iingie ndani ya simu. Bila hivyo juu kule utatafsiri mawingu."

Kupakua si kazi ngumu kwa anayesoma. Orysia alifungua orodha ya vifurushi vya lugha, akakuta majina zaidi ya hamsini, yote kwa herufi za Manana, hata jina la lugha yake mwenyewe. Mawili yalikuwa na alama ya kwamba yamekwisha kupakuliwa, nayo bila shaka ni Kitaliano na Kigeorgia. Mengine yalikuwa na mshale unaoelekea chini. Sasa mshonaji ni mshonaji. Alirudi kwenye ukurasa wa mbele, akalitazama lile neno la upande wa kulia ambalo Manana aliliweka, akalichora kwenye kitambaa cha karatasi cha baa, ndoano kwa ndoano. Kisha akashuka na orodha akilinganisha, kama anayelinganisha nguo na kiolezo chake. Mara ya kwanza alikosea akapakua lugha nyingine, mpaka leo sijui ipi. Mara ya pili akapata. Mshale ukawa duara, duara likajaa. Akapanda nyumbani, akaelekeza kamera kwenye pakiti ya chumvi, chumvi ikasema Kiukraine. Aliniambia alikaa jikoni akacheka peke yake mpaka Bibi Concezia akauliza nani amekuja.

Ningependa habari iishie hapo. Mwezi Mei Bibi Concezia alilazwa hospitali siku sita kwa ajili ya moyo. Aliporudi alirudi na karatasi mpya. Wiki moja na nusu baadaye nami nikapita na jiwe langu la kunolea.

Nilimkuta bibi kwenye kiti karibu na dirisha, shali magotini.

"Ubaldo," akaniambia, "bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, Concezia. Nina adabu."

"Basi kaa, nisikupotezee muda. Tazama mikono yangu. Huyu mwanamke ananipiga usiku."

Alikuwa anatania. Mikono yake ilikuwa na madoa meusi, ya zambarau pembeni, kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Orysia akasema ni chuma cha kitanda, bibi anajigonga akigeuka, na kwamba tayari amekifunga taulo. Akasema tena kwamba asubuhi pua ilitoka damu kidogo, labda kwa sababu ya joto la jiko.

Nilinoa visu viwili na mkasi wa kuku. Orysia akaniletea kahawa, na kwa sababu alikuwa anajivunia ile kazi yake ya vifurushi, akataka nione.

"Babu, njoo utazame. Sasa mimi nasoma kila kitu. Bila mtandao."

Akaweka karatasi ya hospitali mezani. Akafungua kamera. Chini ya kioo palikuwa na kitufe kikubwa cha duara, na pembeni yake kijipicha kidogo cha mraba. Akaielekeza simu kwenye karatasi vizuri kabisa, mkono hautikisiki, akabonyeza kile kijipicha. Picha kadhaa ndogo zikatokea, akagusa moja, karatasi ikajaa kioo chote, na maneno yakageuka Kiukraine.

"Unaona? Hii ya moyo. Hii ya maji mwilini. Hii ya damu isigande, kidonge kimoja jioni."

Mimi Kiukraine sikijui. Nimesoma miaka mitano tu, na sehemu yake nilikuwa nachunga kondoo. Lakini tarakimu ni tarakimu. Juu kabisa kwenye kioo palikuwa na tarehe ya Februari. Nikaitazama karatasi iliyolala mezani. Mei.

Nikafikiri ni macho yangu. Nikavaa miwani. Februari kwenye simu, Mei mezani. Nembo ile ile, jedwali lile lile, sahihi ile ile iliyokorogwa. Nikatafuta ile dawa ya damu kwenye karatasi ya mezani, kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa Kitaliano changu mwenyewe. Palikuwa na nusu. Si kimoja. Nusu kidonge, na pembeni wameandika kwamba kimepunguzwa kwa sababu damu ilikuwa imekuwa nyepesi kupita kiasi.

Nikaisoma tena ile nusu, kidole kikiwa juu yake.

"Orysia," nikasema. "Hebu isogeze simu. Iondoe juu ya karatasi."

Akaisogeza. Karatasi ilibaki pale pale kwenye kioo. Akaigeuza simu ikatazama dari. Karatasi bado ipo.

"Hiyo ni picha, mama. Ya zamani. Manana aliipiga."

Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Nikamwekea vidole viwili, kimoja kwenye tarehe ya simu, kingine kwenye tarehe ya karatasi. Kisha nikateremsha vyote viwili mpaka kwenye moja na kwenye nusu.

Sijapata kuona uso wa mtu ukimwagika rangi namna ile. Alienda kwenye kalenda ya ukutani, akaanza kugusa jioni moja moja tangu siku ya kurudi kutoka hospitali, mpaka akafika jana. Kumi. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Halafu akageuka akaitazama mikono ya Bibi Concezia pale kwenye shali.

"Kuna nini?" bibi akauliza. "Mbona mmekaa kama watu wa msibani?"

Nilipiga simu ya ukutani mimi, nikamtafuta daktari. Daktari aliniuliza maswali matatu: damu puani, madoa, kichwa kinauma? Akasema leo asipewe, asisimame, gari linakuja. Gari lilichukua dakika arobaini, na dakika hizo Orysia alipiga magoti kando ya kiti ameushika mguu wa bibi, naye bibi anampapasa kichwa na kuniuliza mimi kama huyu mwanamke amepata habari mbaya kutoka kwao.

Hospitali walipima damu, wakasema tungechelewa siku mbili tatu zaidi tungekuwa tunazungumza na kasisi. Walimpa dawa ya kuirudishia damu uwezo wa kuganda, wakamlaza.

Loredana alifika kesho yake asubuhi, amesafiri tangu alfajiri. Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyemleta Orysia kwa kigari. Nilidhani Orysia angesema chuma cha kitanda. Alisimama kwenye korido akasema kwa Kitaliano chake kifupi, "Ni mimi. Siku kumi. Nilimpa dawa mara mbili ya ile iliyoandikwa."

Loredana akamgeukia. "Kwa nini hukunipigia?"

"Nilijua. Nilifikiri najua."

Akamwonyesha. Simu kwenye karatasi, kile kijipicha, zile picha. Tangu zamani, kabla hajapakua vifurushi vyake, Manana alikuwa amezoea kupiga picha za karatasi nyumbani na kwenda kuzifungulia uwanjani kwenye mtandao, wala hakuacha; Orysia alimwona akifanya hivyo siku ya kuagana, na huo mtindo ndio uliobaki machoni pake. Loredana akaichukua simu, akabonyeza huku, akabonyeza kule, akitafuta pa kusoma. Hakukuwa na pa kusoma.

"Nyumbani hakuna mtandao?"

"Haujawahi kuwapo," nikasema mimi.

"Miaka minne," akasema Loredana. "Dawa za mama yangu zinapita humu miaka minne." Akakaa chini kwenye benchi kama aliyesukumwa.

Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita akawaambia watafute alama ya gurudumu la meno, kisha dunia ndogo. Walihangaika sana. Ikafunguka orodha ya lugha za simu, na hiyo, tofauti na ile ya vifurushi, kila lugha imejiandika kwa herufi zake yenyewe. Orysia akaliona jina la lugha ya kwao likiwa limekaa pale, jeusi, wazi. Akaligusa. Simu nzima ikageuka.

Akafungua programu, akafungua kamera. Chini ya kile kijipicha palikuwa na maneno mawili madogo. Akayasoma, akayasoma tena, kisha akatutafsiria kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

"Picha zilizohifadhiwa." Akameza mate. "Imeandikwa. Tangu mwanzo imeandikwa hapa."

Mlangoni wakamwita Loredana aingie, akaingia. Alitoka baada ya robo saa, macho mekundu.

"Mama hali supu," akasema. "Anasema aletwe anayempiga usiku."

Orysia hakusimama. "Unanirudisha kwetu?"

"Sijui. Leo sijui. Nenda umlishe."

"Nitamlisha. Lakini nikibaki, kila karatasi nakupigia simu ya ukutani, wewe unasoma, mimi naandika. Hii tusiiamini tena kwa dawa."

"Nitaisomaje, na mimi karatasi sina?"

"Nitakutajia herufi moja moja," Orysia akasema. "Za kwenu nazijua zote."

Akaiacha simu juu ya benchi, akaingia ndani.