Aliyekoroma Kwenye Hotuba

Juzi nilimpeleka mwanangu kliniki hapa Ilongero, nikakuta wanamuaga mkunga aliyenizalisha, anastaafu. Alikuwa akiwashukuru wenzake, hasa mhudumu aliyemmulikia tochi kila umeme ulipokatika. Mara muuguzi kijana, aliyekesha na akina mama wawili waliojifungua, akaanza kukoroma. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akanyanyuka kumwamsha.

“Mwache alale, daktari,” mkunga akasema. “Mkunga aliyechoka humfokea mama mwenye uchungu, na mapigo ya moyo wa mtoto anayahesabu vibaya. Huyu binti mmempanga tena usiku wa leo. Nani atamshikia zamu?”

Watu wakaangalia soda zao.

“Basi hotuba yangu bado ndefu.”

Mganga akanyoosha mkono upesi. “Mimi, mama!”

Tukampigia makofi kwa vidole viwili, tusimwamshe binti.