Filta ya Mashine ya Maji

Je, wewe ungemuuzia mtu filta bila kuiona ile ya zamani? Usijibu haraka. Kwanza simama nyuma ya kaunta ya duka la vipuri la Batholomeo, pale Dodoma mjini, mwezi wa saba, upepo ukipuliza vumbi hadi ndani ya maboksi. Vaa koti la Gerson Chiwanga, kisha ndiyo ujibu.

Gerson alikuwa mtunza stoo wa idara ya maji hadi siku walipoitwa uwanjani wakaambiwa serikali inapunguza watu. Stoo ikafungwa. Vijiji vilivyokuwa vikiletewa vipuri na lori la idara vikaambiwa viunde kamati, vichange, vijinunulie. Ndiyo mageuzi hayo. Soko lingeleta kila kitu, walisema wenye suti, na kweli lilileta: filta kutoka nchi ambazo Gerson hakuwahi kuzisikia, nyingine boksi lake lina picha ya injini moja na ndani mna filta ya injini nyingine.

Kwa hiyo alipoajiriwa na Batholomeo, kijana aliyeweza kuwa mwanawe, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzichambua. Kila aina aliikatia kipande cha karatasi ngumu akaandika kwa kalamu nene. Kwenye ile iliyotoka sana aliandika: "Filta ya oili. Inafaa injini TD-2M ya silinda mbili. Badilisha kila saa 250 za kazi, pamoja na oili. Njoo na ya zamani: linganisha mpira, kimo na nyuzi za tundu la katikati. SI YA TD-2."

"Mzee Gerson, shikamoo," Batholomeo alikuwa akisema kila asubuhi, kwa adabu zote, kisha papo hapo: "Haya maandishi yako yanafukuza wateja. Mtu anataka filta, wewe unampa mtihani."

"Marahaba, bosi. Afadhali afeli hapa kuliko akafelie kwake."

Maana filta zile mbili zilifanana kama mapacha. Rangi moja, unene mmoja, mpira mmoja. Tofauti ilikuwa ndani ya tundu: ile ya TD-2, injini ya zamani, nyuzi zake za skrubu zilipimwa kwa inchi, ya TD-2M, iliyokuja baadaye, kwa milimita, na tundu lake pana kidogo tu. Ukiifunga ya inchi kwenye injini ya milimita, inakataa, na hasara yako ni safari. Ukiifunga ya milimita kwenye injini ya inchi, hapo ndipo balaa. Inaingia. Inacheza kidogo, lakini ikifika mwisho inakaza, nawe unaona umemaliza.

Matonya alifika karibu na adhuhuri, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa mwendesha mashine ya maji wa kijiji kimoja upande wa Chemba, na Gerson alimfahamu tangu enzi za stoo.

"Mbukwenyi, kaka Gerson! Bado hujazeeka tu?"

"Nazeeka nikingoja watu kama ninyi. Filta ya zamani iko wapi?"

Matonya akacheka, akajikuna shingo. "Mke wangu Dorkasi kaifanya koroboi. Nilipoifungua kubadilisha oili, nikageuka kidogo tu, nikakuta keshaitoboa na utambi keshatia. Hata mboga sasa tunaziona tunapokula."

"Na mlipima?"

"Kipimo hiki hapa." Akatoa kamba ya katani yenye fundo. "Nimeizungusha hiyo koroboi. Unene kamili."

Gerson akaizungusha kamba kwenye filta ya TD-2M. Fundo likakutana na ncha. Akaizungusha kwenye ya TD-2, likakutana vilevile. "Kamba yako inapima bati, ndugu yangu. Haipimi tundu. Rudi ukalete koroboi."

Uso wa Matonya ukabadilika. "Kaka, tuna siku nne bila maji. Kamati ilikataza kuwasha bila filta. Akina mama wanachimba maji mchangani mtoni pamoja na ng'ombe. Basi ni hili la saa saba, jingine ni keshokutwa. Nirudi na maneno?"

"Bamba la injini linasemaje?"

"TD-2M. Nalifuta vumbi kila siku, nalijua kama jina langu."

"Mzee Gerson!" Batholomeo akaita kutoka ndani. "Mpe mtu mzigo wake! Bamba limesema, wewe nani ulibishie?"

Gerson akashika filta mkononi. Bamba ni ushahidi mzuri. Hata idara walilifuata. Akampa ya milimita.

"Sikiliza. Paka oili kwenye mpira, zungusha kwa mkono. Ikicheza kwenye nyuzi, acha. Usiwashe. Umesikia?"

"Nimesikia, baba wee!" Matonya alishafika mlangoni anakimbilia basi.

Saa tisa akaingia Fabian, fundi wa injini wa mtaani, kutafuta pete za pistoni.

"Nimesikia Matonya alikuwa mjini," akasema. "Hakunisalimia, mshenzi yule! Na mashine yake nimeifufua mimi mwaka jana. Kitako cha kufungia filta kilipasuka, nikang'oa cha TD-2 mzee iliyolala kwenye yadi ya idara. Kikakaa kama kimezaliwa pale."

Gerson akaweka chini boksi alilokuwa ameshika. "Na filta mliweka ipi?"

"Ya TD-2, sasa ipi tena?"

Bamba lilikuwa halijadanganya. Injini ilikuwa TD-2M, isipokuwa mahali pale pamoja tu. Alikuwa ameuliza bamba, hakuuliza kama kuna kilichobadilishwa.

Akachukua filta ya inchi rafuni. Batholomeo akauliza anakwenda wapi, Gerson alishatoka. Kijijini hakukuwa na simu. Lori la wafanyabiashara wa ng'ombe lilikuwa likielekea Chemba, akapanda juu na fito za mazizi. Giza likawakuta Chemba, na kutoka hapo hapakuwa na gari. Alilala kwa mwenyeji wake, akijifariji kwamba filta ingemchezea Matonya mkononi, naye angehisi. Hakuhisi faraja yenyewe.

Alfajiri, kwa baiskeli ya kuazima, baridi ikimkata vidole, alifika mahali ambapo kibanda cha mashine kinaonekana. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni hadi barabarani. Moshi mweusi ukaruka juu ya bati na injini ikaanza kutwanga. Watu wakapiga vigelegele.

"Zima!" Gerson akapiga kelele. "Matonya, zima!"

Nani angemsikia? Matonya alikuwa amefanya alivyofanya siku zote akishawasha: alikimbilia kwenye tangi, akaegemeza sikio, akigonga bati kwa kokoto asikie maji yanapopanda. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yake kikisikiliza naye. Kibandani hapakuwa na mtu.

Oili ya asubuhi ya baridi ni nzito na inasukuma kwa nguvu. Gerson alitupa baiskeli akakimbia. Kabla hajafika, mlio ukabadilika, ukawa mkavu, chuma juu ya chuma. Kisha injini ikajifunga kwa kishindo kimoja. Alipoingia, filta ilikuwa sakafuni, imejichomoa, na oili yote ikitiririka kwenye saruji kuelekea mlangoni.

Matonya akatokea, kokoto bado mkononi. Akalishika gurudumu la injini akajaribu kulizungusha kwa uzito wake wote. Halikusogea.

"Ilicheza kidogo, kaka," akasema. "Lakini mwishoni ilikaza."

Gerson alisimama na ile filta nyingine ndani ya boksi lake. Nje, Dorkasi alikuwa wa kwanza kuinama. Akaokota ndoo yake kutoka kwenye foleni, akaitia jembe ndani, akashika njia ya mtoni. Mmoja mmoja, bila mtu kuwaambia, wengine wakaokota zao wakamfuata.