Familia ni Chungu Kimoja

Mwalimu Tryphena Mkawasi aliteremka kutoka vilima vya Taita mwaka 1966 kwenda kufundisha Maungu, huko nyikani, na hakurudi tena kuishi huko juu. Ndugu zake walimwambia atakauka kama kuni katika nyika ile. Yeye akajibu kwamba watoto wa nyika nao wanahitaji kusoma, akajenga nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya reli, akabaki. Hakuolewa. Kufikia mwaka 1984 alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nusu ya watu wazima wa Maungu walikuwa wamepita mikononi mwake, wakiwemo Wakamba waliohamia hapo kutafuta mashamba.

Waliosoma kwake walikumbuka jambo moja kuliko yote. Mtoto akitumia neno, Mwalimu alimtaka aeleze maana yake, kisha alitafuta kitu cha kuiangusha ile maana. Mtoto akisema ndege ni mnyama anayeruka, Mwalimu aliuliza habari za popo, halafu habari za mbuni. Popo ameingia bila kualikwa, alisema, na mbuni amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Maana nzuri haimwingizi mgeni wala haimfukuzi mwenyeji. Tena haijielezi kwa neno lile lile, kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda kwake akasema ni ile inayofika kwangu.

Mwaka huo mvua za masika hazikunyesha. Za vuli za mwaka uliotangulia zilikuwa zimenyesha siku nne. Mbuzi walikufa kwanza, kisha punda. Mwezi wa saba shirika moja la kanisa likaahidi mahindi ya manjano, debe moja kwa kila familia kila mwezi, na likataka kamati ya Maungu ilete orodha. Naibu wa chifu, Donald Mwandawiro, aliita kamati kwenye darasa la sita. Walikuwa watu saba, na Mwalimu Tryphena akafanywa katibu kwa sababu ya mwandiko wake.

Shida ilianza na neno familia. Donald, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake zamani, alipendekeza waandike kwamba familia inayostahili ni ile yenye haki ya kupewa mahindi. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba hapo wamezunguka wakarudi walipotoka, kwani nani mwenye haki ndilo swali walilokuja kulijibu. Mtu mmoja akasema familia ni mume, mke na watoto wao. Mwalimu akamtazama Wayua aliyekaa dirishani, mjane mwenye watoto wanne, na yule mtu akaona aibu bila kuambiwa kitu. Akajaribu tena: basi familia ni watu wanaoishi boma moja.

Mzee Makau, Mkamba mwenye mvi aliyelima karibu na barabara kuu, alikohoa.

"Boma langu lina wana watatu, wote wameoa," alisema. "Tuko watu kumi na tisa. Tutapewa debe moja, sawa na mtu na mkewe?"

Waliendelea hivyo mpaka jua likavuka. Kila maana iliyoandikwa ubaoni ilikuta mtu wa kuivunja. Mwishowe Mwalimu mwenyewe alisimama, akafuta ubao, akaandika: Familia ni mtu au watu wanaopika chungu kimoja na kula pamoja.

Wakaijaribu. Wayua na watoto wake wakaingia. Boma la Makau likagawanyika vyungu vinne, cha mzee na vya wanawe, kama walivyokuwa wakila kweli. Kapera wa stesheni anayejipikia akaingia peke yake. Mume aliye Mombasa, anayekula huko, akabaki nje, na mkewe hakupungukiwa na kitu. Vijana wa bweni walikuwa na chungu cha shule, na shule ililetewa chakula chake kando. Watu walichekelea ilivyowakaa vizuri. Mwalimu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo baadaye aliikumbuka kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa ameijaribu ile maana kwa watu waliokuwamo darasani, na kwa wale waliotajwa nao, na hakwenda mbali zaidi ya hapo.

Karani aliyepewa kazi ya kuandikisha aliitwa Silvanus, mtu makini asiyekubali rushwa hata ya chai. Alipita boma kwa boma. Alitazama mafiga, akaona majivu, akauliza ni akina nani wanaokula kutoka chungu hiki, akaandika majina. Alimaliza kwa siku tisa. Orodha ilikuwa na familia mia mbili na kumi na nne, na haikuwa na jina lililorudiwa. Mwalimu aliisoma yote, akaitia sahihi.

Siku ya kugawa, lori lilisimama kando ya kanisa na watu wakapanga foleni toka asubuhi. Mwalimu alikaa mezani na orodha. Karibu na saa nane, foleni ilipokwisha, alibaki mwanamke mzee mwembamba, akiwa ameshika kiondo kikuukuu. Alikuwa Nthambi, ambaye watu wote, hata wasio Wakamba, walimwita Susu, yaani nyanya. Mumewe alikufa zamani akitengeneza reli. Binti yake mmoja alikwenda Nairobi na habari zake zikakatika.

Mwalimu alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili.

"Susu, siku hizi unapika na nani?"

"Sipiki, Mwalimu."

"Unakula kwa nani?"

"Popote palipobaki kitu. Jana kwa Wayua. Juzi sikula. Nilimwona yule karani akichungulia jikoni kwangu. Hakuona moto, akaenda."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alikuwa ameandika maana inayomtambua mtu kwa chungu chake, na mwenye njaa kuliko wote ni yule asiye na cha kutia chunguni. Walioachwa nje hawakuwa wa pembeni. Walikuwa ndio hasa walioletewa mahindi.

Alimwomba mtu wa shirika ampe Susu debe moja. Yule bwana hakuwa na roho mbaya, alifungua turubai akamwonyesha sakafu ya lori. Kila debe lilikwenda kwa jina, na majina yalikwisha pamoja na magunia. Akasema warekebishe orodha, waitume, na mwezi ujao itafuatwa. Mwalimu akampeleka Susu nyumbani kwake, akampimia nusu ya unga wake, kopo la gorogoro moja na kidogo. Susu alishukuru, akauliza kama angeweza kuuacha hapo hapo na kuja kula, maana sufuria yake aliiuza mwezi wa tano. Akala siku hiyo na siku mbili zilizofuata. Siku ya nne hakuja. Mwalimu alimtuma mtu, akaambiwa Susu yuko kwa Wayua na miguu imevimba.

Kamati ilikutana tena wiki hiyo. Donald, akitaka kulimaliza jambo haraka, alisema waongeze tu, na mtu yeyote mwenye njaa. Mzee Makau akauliza, pasipo mzaha, nani asiye na njaa saa saba mchana, kwani hata mwenye duka la barabarani ataandikishwa. Ile ya kwanza ilikuwa imemfungia mwenyeji nje, hii ilifungua mlango kwa kila apitaye. Wakakaa mpaka jioni. Waliandika kwamba familia ni watu wanaotegemea chakula kimoja, kiwepo kisiwepo. Na mtu asiyetegemea chakula cha kundi lolote kwa siku zote, huyo ni familia peke yake. Na hakuna atakayehesabiwa mara mbili. Safari hii Mwalimu hakuacha waridhike. Alimtuma Silvanus aende na Wayua kwenye nyumba zisizo na moto, akamwagiza awatafute wale tu ambao ile maana mpya ingewakosa.

Hawakupata ambaye maana mpya ilimkosa, ila walipata watu kumi na mmoja walioachwa na orodha ya kwanza. Mzee kipofu karibu na bwawa lililokauka. Wasichana wawili mayatima waliolala kwa shangazi na kula kwa majirani. Mlinzi wa bohari aliyekuwa akitafuna mizizi. Mwalimu aliandika majina yao kwa mkono wake, na la Nthambi akaliweka juu kabisa.

Orodha mpya ilikwenda Voi, kwenye ofisi ya shirika, siku ya Jumatatu. Ilibidi ipite meza moja hadi nyingine na kulala juu ya kila moja, ingawa hakuna aliyeizuia kwa makusudi. Jibu la kuikubali lilifika baada ya siku kumi na nane. Susu Nthambi alikuwa amezikwa siku ya kumi na mbili.

Alifia kwa Wayua, alasiri, akiwa amekunywa uji kidogo. Mahindi ya Wayua yalikuwa ya watu watano na alikuwa akiyagawa kwa watu sita. Baada ya maziko watu walipotawanyika, Wayua alimvuta Mwalimu kando ya ua wa miiba.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemwacha nje," alisema. "Karani aliniuliza wanaokula chungu hiki ni nani. Susu alikuwa anakuja siku moja moja. Nikataja watoto wangu nikanyamaza."

"Hukudanganya, Wayua."

"Lakini nilimjua."

"Ulijibu swali ulilopewa. Swali nilitunga mimi."

Wayua alilia. Mwalimu hakulia; kila neno alilofikiri kumwambia aliliona limepungua upande mmoja. Wakasimama hivyo mpaka watoto wakaja kumwita mama yao.

Mahindi ya mwezi wa pili yalikuja, na wale kumi waliobaki wakapata. Kipofu alibebewa debe lake na Silvanus mpaka mlangoni. Shirika lilipenda maneno ya Maungu, likayapiga chapa na kuyapeleka kwa kamati za sehemu nyingine zilizokaukiwa, na Mwalimu akaletewa barua ya pongezi. Aliisoma mara moja, akamkabidhi Donald aiweke kwenye faili. Donald alimwambia kwamba maneno yale yameokoa watu wengi, na ilikuwa kweli. Mwalimu alikubali kwa kichwa.

Mvua ilinyesha mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Watu walipanda, na kamati ikavunjwa. Mwalimu alifundisha miaka miwili zaidi, akastaafu, akabaki pale pale ng'ambo ya reli. Watoto wa mwisho kusoma kwake wanasema alikuwa amebadilika. Aliendelea kutaka maana ya kila neno, lakini mtoto akipata jibu zuri, lisilo na ufa, na darasa zima likipiga makofi, Mwalimu hakupiga. Aligeuka akatazama dirishani, upande wa mashamba, mpaka watoto wakaanza kunong'onezana, kisha akawaambia wafungue ukurasa unaofuata.