Milioni Moja na Laki Tisa Mkononi

Kama kuna neno linalonipandisha presha, ni hili: mkononi. Watu wawili wanakubaliana pembeni ya lori, wanapeana mikono, wanaagana wamefurahi, halafu kesho yake mimi naletewa hilo neno moja niligeuze liwe mkataba. Natengeneza mishahara kwenye kampuni ya malori na gereji hapa Segese, inayohudumia mgodi. Nimezaliwa Runzewe, nimekulia kwenye maduka, hesabu haijawahi kunitisha. Ahadi za watu ndizo zinazonitisha.

Siku hiyo bosi aliingia ofisini kwangu anacheka peke yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku ameshavuta kiti. Alikuwa ametoka Isaka, ambako lori letu lilikuwa limekwama bandari kavu tangu juzi yake, na pale kuna binti mmoja, injinia wa mitambo, alikuwa ameingia chini ya lori na ovaroli yake ya kazi, akalitengeneza likatoka salama kabla chai haijapoa. Bosi akamtaka kwa kazi hapo hapo. Akamuuliza angekubali kuja kusimamia gereji yetu kwa kiasi gani, wakavutana kidogo, wakakubaliana. Milioni moja na laki tisa, mkononi, yaani pesa safi baada ya makato, kila mwezi.

Hesabu alikuwa ameshaipiga njiani. Hifadhi ya jamii wanakata kumi kwa mia, kodi thelathini kwa mia, jumla arobaini. Arobaini kwa mia ya ile milioni moja na laki tisa ni laki saba na sitini. Akajumlisha, akapata milioni mbili, laki sita na sitini elfu. Akaniambia niandike hiyo kwenye mkataba, kisha akanyanyuka.

Nikamwambia akae kwanza.

Lazima nieleze bosi wangu ni mtu wa namna gani. Aliacha shule darasa la nne akaenda kubeba mawe machimboni. Baadaye akawa na duara lake, yaani shimo la dhahabu, akanunua karasha ya kusagia mawe, akauza karasha akanunua lori la kwanza. Si mjinga hata kidogo. Ila ukimweleza kwa fomula anaanza kuangalia dirishani, kwa hiyo mimi naye tunaongea kwa mifuko ya mawe.

Nikamuuliza: kwenye duara lako, mwenye shamba akichukua mifuko mitatu kwa kila kumi, na wewe unataka ibaki saba, unatoa shimoni mingapi? Akasema kumi, unaniuliza mambo ya watoto. Nikamwambia kwa hesabu yako ya leo ungechukua ile saba, ukaiongezea thelathini kwa mia yake, ukatoa tisa na kipande. Mwenye shamba angechukua yake kwenye hiyo tisa na kipande, na wewe ungebaki na sita na ushee. Wanaokata wanakata kwenye mzigo mkubwa, bosi, hawakati kwenye kile kilichobaki.

"Sawa, mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita, mama kwa Kisukuma, ingawa ananizidi miaka mingi tu. "Rudi nyuma basi, uniambie tunatoa mingapi."

Nikaanzia mwisho. Kodi haikati thelathini kwa mia kwenye mshahara wote, hilo nalo watu hawalijui. Milioni ya kwanza ina ngazi zake za chini, na kodi yake yote ni laki moja na ishirini na nane elfu, hivyo inabakiza laki nane na sabini na mbili. Nikaitoa hiyo kwenye milioni moja na laki tisa, ikabaki milioni moja na ishirini na nane elfu. Hii ndiyo iliyopitia kwenye thelathini kwa mia, kwa hiyo ni sabini kwa kila mia ya kilichokuwepo. Nikaigawa kwa sabini kwa mia, nikairudishia ile milioni ya kwanza, nikapata milioni mbili, laki nne na sitini na nane elfu na ushee. Huo ni mshahara baada ya hifadhi ya jamii kuchukua kumi yake, maana hifadhi inatoka kwanza ndipo kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Nikagawa tena kwa tisini kwa mia. Mshahara ghafi ukatoka milioni mbili, laki saba na arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba.

Bosi akaona ni elfu themanini na kitu tu juu ya yake. Akasema hiyo si kitu, andika.

Mimi siandiki mkataba bila kumpigia simu mwenye mshahara. Ni tabia yangu, wanaonijua wanajua. Nikampigia yule binti nikamwomba namba ya mlipakodi na ya hifadhi ya jamii, na nikamuuliza swali ninalomuuliza kila aliyepita chuo: unadaiwa na bodi ya mikopo? Akasema ndiyo, mama, deni bado kubwa, Isaka wananikata kila mwezi. Nikamuuliza sasa hivi anapeleka ngapi nyumbani. Akasema milioni moja na nusu hivi, baada ya kila kitu.

Bodi ya mikopo inakata kumi na tano kwa mia ya mshahara wa msingi, na sisi mshahara wetu wote ni wa msingi, hatuna posho za kupamba karatasi. Nikapiga hesabu palepale simu ikiwa sikioni. Kwa ule mshahara ambao bosi aliona si kitu, angepata mkononi milioni moja, laki nne na themanini na nane elfu. Binti ahamie Segese, apange chumba upya, asimamie gereji nzima, apate pungufu ya alichokuwa anapata Isaka. Nikamwomba asisaini barua yoyote ya kuacha kazi kwanza. Akasema ameshaisaini na kuipeleka. Ijumaa ni siku yake ya mwisho na kiti chake kimeshapata mtu. Mama yake na mdogo wake aliye sekondari wanakula kwenye mshahara huo. Hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, kama kuna tatizo.

Nikamwambia nitampigia kesho. Niliona aibu, ingawa si mimi niliyeahidi.

Nilipiga hesabu upya, safari hii na mkopo ndani. Kila shilingi mia ya mshahara wake, kumi inaenda hifadhi, ishirini na saba kodi, maana ni thelathini kwa mia ya ile tisini iliyobaki, na kumi na tano mkopo. Inabaki arobaini na nane. Ukiweka na nafuu ya zile ngazi za chini za kodi, ambayo inafika laki moja na sabini na mbili, jibu lilitoka bila hata senti ya kuning'inia: milioni tatu na laki sita. Sikuliamini. Nikalirudisha mbele, kama ninavyofanya siku zote. Hifadhi laki tatu na sitini. Kodi laki nane. Mkopo laki tano na arobaini. Mkononi milioni moja na laki tisa kamili.

Bosi alipoliona jibu hilo akavua kofia. Akasema deni la chuo si lake, yeye hakumtuma mtu kusoma. Na kwa kweli alikuwa na hoja, sikumficha. Nikamwongezea chumvi kwenye kidonda: kampuni nayo ina kumi kwa mia yake ya kupeleka hifadhi, na tozo ya ufundi stadi, na mfuko wa fidia. Injinia mmoja angemgharimu zaidi ya milioni nne kwa mwezi.

Hapo akapunguza sauti. Akasema tuandike ule mdogo, halafu yeye atamalizia kwa bahasha kila mwisho wa mwezi, nani atajua. Nikakasirika kwelikweli. Nikamwambia injini ikimwangukia yule binti mguuni, fidia itahesabiwa kwa kilichoandikwa, na akizeeka bahasha haitamlipa pensheni, na orodha ya mishahara inayoenda kwa watu wa kodi inasainiwa na mimi. Kama anataka bahasha atafute mhasibu mwingine. Akaondoka bila kuaga, na nikashinda mchana kutwa najiuliza kama mdomo wangu umeniponza.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kabla sijafungua. Nikamwamkia, akaitikia. Alisimama tu pale, mikono mfukoni. Akasema enzi zake za dhahabu kulikuwa na mnunuzi anayetaja bei moja shimoni na kulipa nyingine mizanini, na alilipa hivyo mara moja tu, hakuna aliyemuuzia tena. Halafu akasema, "Nilimwambia mkononi. Sikumwambia nani anamkata."

Akaniambia niandike ile milioni tatu na laki sita, kisha akauliza mkopo ukiisha itakuwaje. Nikamwambia laki tano na arobaini itaangukia mkononi mwa binti, isipokuwa tukubaliane naye mapema. Tukaandika kifungu kwamba siku mkopo utakapokwisha mshahara utajadiliwa upya, nikampigia binti nikamsomea kila mstari. Alikubali. Nilisikia anashusha pumzi, kisha akasema asante mara nyingi mpaka nikamwambia inatosha, salio litaisha.

Mwisho wa mwezi wake wa kwanza alikuja dirishani kwangu, mikono imejaa grisi, akaniamkia, akapokea karatasi ya mshahara. Bosi alikuwa ndani akisubiri hundi za mafuta. Binti hakuangalia ile tarakimu ya chini tuliyoihangaikia. Aliweka kidole kwenye mstari wa mkopo akabaki ameinama hapo. Akasema Isaka walikuwa wanamkata laki nne na ushee, na kwa mwendo huu atalimaliza deni mapema kuliko alivyowahi kuota. Akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya grisi.

Bosi akauliza kwa nini alikopa pesa nyingi hivyo. Binti akamwambia ni ada yake ya chuo, ile aliyokopa, kwamba baba yake aliuza ng'ombe wakaisha na bado haikutosha.

Bosi akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wasomavyo watu wa umri wake. "Kwa hiyo ninayekusomesha ni mimi," akasema.

"Ndiyo, baba," binti akajibu. "Wabeja, asante."

Mimi najua bosi wangu akitaniwa anavyokuwa na akisifiwa anavyokuwa. Namna hiyo sikuwahi kumwona. Alimrudishia binti karatasi yake kwa mikono miwili, akanigeukia, akaniuliza kama imebaki miezi mingi ya makato. Nikamwambia bado mingi.

"Basi ikatwe, mayu," akasema. "Isije ikasimama."