Sketi Zilizopanda Magoti

Mie hasira zangu zipo puani. Kipindi kile cha Ujamaa nilikuwa na cherehani mbili Temeke, na uhai wa kibanda changu ulikuwa oda moja tu: sketi za shule ya msingi ya jirani.

Siku moja ikaja barua ya Mwalimu Mkuu. Sketi zimefuliwa mara moja zimepanda juu ya magoti. Nisipomjibu kabla ya Ijumaa, kazi anampa fundi mwingine. Weee! Nikachukua kalamu palepale: "Sketi zangu hazina tatizo. Watoto wenu wamerefuka. Na mngezifua taratibu."

Nikampelekea dada mmoja wa bara aliyekuwa akipiga taipu kwenye baraza ya jirani. Akasoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Fundi, kitambaa ulikiloweka kabla ya kukata?"

Nikatikisa kichwa. Siku zile kitambaa kilikuwa cha kugawiwa. Kikifika, kila mtu anakimbilia mkasi, na mie nilikikata kikavu, kabla hakijasinyaa kwa maji.

"Basi ndilo tutakaloandika," akasema.

"Unanivua nguo, dada!"

"Nakuvisha."

Nikamwambia aweke basi "kama kuna usumbufu, samahani". Akakataa katakata. Watoto wamechekwa njiani, sasa hiyo "kama" ya nini? Akaanza kugonga, na mie nasoma begani kwake:

"Mwalimu Mkuu, naomba radhi. Sketi zimefupika kwa sababu sikuloweka kitambaa kabla ya kukata. Kosa ni langu, si la watoto wala la wazazi. Jumatano saa nne asubuhi nitafika shuleni na tepu, nimpime kila mtoto. Pindo niliacha pana. Nitazishusha zote bila malipo na kuzirudisha Jumatatu."

Hakuna neno la kujipendekeza, hakuna la kujitetea. Hasira zangu zote kaziweka kando, na bado barua ilikuwa yangu. Jamani, yule mwanamke alikuwa na akili! Akanilazimisha niisome kwa sauti mara mbili ndipo nitie sahihi.

"Wewe ndiye utakayesimama pale," akasema.

Jumatano nilifika shuleni na tepu yangu. Nikakuta wasichana wamepangwa mstari tayari, maana barua ilitaja saa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akafungua droo, akatoa bahasha ya kumwandikia yule fundi mwingine, imeshabandikwa stempu. Akaichana mbele yangu. "Wangapi huniandikia samahani," akasema. "Wewe umeniandikia na siku."

Nikarudi barazani mbio, machozi yananilenga. "Dada, oda imebaki! Sijui nikushukuru vipi!"

Hakuinua hata kichwa kwenye mashine.

"Umeshashusha pindo ngapi?"

"Bado hata moja."

"Basi kashushe. Jumatatu ndiyo utanishukuru."